Mkataba wa Shamba Mbele ya Mtahini

Swali lenyewe huwa fupi. Mwanafunzi wa Shule ya Sheria ya Kenya, kule Karen jijini Nairobi, anapewa ukurasa mmoja wa maelezo juu ya watu wawili na shamba moja, kisha anaambiwa aandike mkataba wa mauziano. Mwenye haraka hushika kalamu papo hapo. Majina anayo, namba ya shamba anayo, bei anayo. Vifungu vilivyobaki anavikumbuka kutoka mikataba aliyowahi kuiona. Karatasi hujaa upesi, na kwa macho ya mtu wa kawaida hufanana kabisa na mkataba. Kasoro zake hubaki zimelala mpaka siku jambo litakapokwenda mrama.

Ndiyo maana mtahini hasomi mkataba kuanzia juu kwenda chini kama barua. Huwa ana maswali yake. Je, bodi ya ardhi ikikataa? Je, benki ikichelewa? Je, siku ya mwisho ifike na mmoja tu ndiye yuko tayari? Majibu yanatakiwa kupatikana sehemu tatu: kwenye masharti, kwenye tarehe ya kukamilisha, na kwenye kifungu cha anayevunja ahadi. Mwanafunzi wengi huziandika sehemu hizo kana kwamba hazijuani, kumbe ni hesabu moja. Siku zilizotajwa katika sehemu ya kwanza lazima zitoshee ndani ya siku za sehemu ya pili, na ya tatu lazima ijue ni kosa lipi la mtu na lipi si la mtu.

Tuchukue swali la kubuni la aina hiyo tulifuate mpaka mwisho. Shamba la ekari 5 liko Kilifi, lina minazi na mikorosho, na ni ardhi ya kilimo iliyo chini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Bei ni shilingi milioni 6. Muuzaji ana mke, na shamba ni mali ya ndoa yao. Hati miliki iko benki kwa sababu aliliweka shamba rehani, na deni lililobaki ni shilingi milioni 1.1. Mnunuzi ana shilingi milioni 2 zake mwenyewe. Milioni 4 zilizobaki anataraji kukopeshwa na benki yake. Mkataba utatiwa saini tarehe 3 Machi 2025, na pande zote mbili zimekubaliana kukamilisha ndani ya siku 90. Mwanafunzi ni wakili wa mnunuzi.

Kabla ya kuandika neno, kuna mambo ya kutenganisha. Kwa nini, kwa mfano, ridhaa ya mke ifanywe sharti la kusubiriwa? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo ridhaa hiyo haiepukiki. Lakini mke yupo, na kalamu ipo. Atie saini karatasi ya ridhaa siku ileile mumewe anapotia saini mkataba, na karatasi hiyo iambatanishwe. Jambo linaloweza kumalizwa leo likiachwa liwe sharti la baadaye, wakili amemnunulia mteja wake wasiwasi wa miezi mitatu. Hapa ndipo mtahini huanza kutofautisha aliyeelewa na aliyekariri.

Idhini ya bodi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu haiwezi kupatikana kabla ya mkataba kuwapo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, sura ya 302 ya sheria za Kenya, inasema kwamba kuuza ardhi ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa ni batili bila idhini ya bodi. Ombi lapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanyika, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda. Kwa swali letu, mwisho wa kupeleka ombi ni mwanzoni mwa Septemba 2025. Mwanafunzi akiona Septemba hujiambia kwamba muda bado upo. Haupo, kwa sababu mkataba wake umeahidi kukamilisha baada ya siku 90. Miezi 6 ni ya sheria. Siku 90 ni za wahusika wenyewe, na hizo ndizo zinazowabana.

Bodi nayo haikai kila siku. Katika maeneo mengi hukutana kama mara moja kwa mwezi, na kikao maalumu huwa na gharama yake. Ombi likikosa kikao cha Machi linangoja cha Aprili. Muuzaji asipotokea mbele ya bodi Aprili, tunakwenda Mei. Kwa hesabu hiyo siku 90 zinakwisha bila mtu yeyote kufanya hila. Kwa hiyo sharti lisiishie kusema kwamba “uuzaji huu unategemea idhini ya bodi”. Sentensi hiyo haisemi nani apeleke ombi, lini, nani alipe ada, idhini ingojwe hadi lini, na ikikosekana pesa ziende wapi. Lililo bora laweza kusomeka hivi:

“Mkataba huu unategemea kupatikana kwa idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Muuzaji atapeleka ombi kwa gharama yake ndani ya siku 14 tangu tarehe ya mkataba huu, na kila upande utahudhuria kikao cha bodi ukiitwa. Idhini ikikataliwa, au isipopatikana ndani ya siku 75 bila kosa la upande wowote, mkataba utakoma na arubuni yote itarudishwa kwa mnunuzi ndani ya siku 7, na hakuna upande utakaomdai mwenzake zaidi ya hapo.”

Maneno yanayobeba mzigo hapo ni “bila kosa la upande wowote”. Muuzaji aliyepata mteja mwingine wa bei nzuri zaidi anaweza kukalia fomu nyumbani, siku 75 zipite, kisha aje na uso wa huzuni aseme bahati haikuwa yetu. Kwa maneno yale, kuzembea kwake hakuangukii kwenye sharti bali kwenye kifungu cha uvunjaji, na huko kuna bei ya kulipa.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wanafunzi hodari. Wakiwa wanamtetea muuzaji, huandika kwamba idhini isipopatikana arubuni itabaki kwa muuzaji ili kumfidia muda wake. Sheria ileile ya udhibiti inasema kinyume: pesa zilizolipwa kwa ununuzi uliogeuka batili kwa kukosa idhini zinaweza kudaiwa na aliyezilipa kama deni. Na inakwenda mbali zaidi, kwani ni kosa la jinai kwa mtu kulipa au kupokea pesa, au kuingia shambani na kukaa, kwa kuendeleza mauziano yaliyokwisha kubatilika. Ni kweli kwamba mahakama za Kenya zimevutana kwa miaka juu ya ukali wa sheria hii, na Mahakama ya Juu imekubali kwamba kanuni za haki na uadilifu zinaweza kumwokoa mnunuzi aliyelipa, akakaa, akaendeleza shamba huku muuzaji akitazama. Lakini huo ni uokoaji wa mahakamani, baada ya miaka ya kesi. Wakili anayeandika mkataba mpya akiutegemea, basi tangu mwanzo ameshindwa kazi.

Sharti la mkopo linahitaji mkono mwepesi zaidi. “Mnunuzi akipata mkopo” ni maneno yanayompa mnunuzi mlango wa kutokea muda wowote: asiombe mkopo, kisha aseme hakupata. Kwa sababu tunamwakilisha yeye, mwanafunzi anaweza kujaribiwa kuyaacha hivyo hivyo. Wakili wa upande wa pili hatayakubali, na mtahini naye hapendezwi na mkataba ambao mtu mwenye akili timamu hawezi kuutia saini. Heri kutaja kiasi, milioni 4; kutaja kitu kinachothibitisha, yaani barua ya benki ya kukubali kukopesha; kutaja siku, tuseme 45; na kumpa mnunuzi wajibu wa kupeleka maombi mapema na kwa nia njema. Barua ikifika siku ya 45, sharti limetimia na halizungumziwi tena. Benki ikikataa, mnunuzi anatoa taarifa kwa maandishi na kurudishiwa arubuni yake.

Sasa tarehe. Siku 90 kutoka tarehe 3 Machi 2025, ukianza kuhesabu siku inayofuata, zinaangukia tarehe 1 Juni. Siku hiyo ni Jumapili. Isitoshe ni Madaraka, na kwa sheria ya Kenya sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake huwa mapumziko pia. Benki zimefungwa, ofisi ya ardhi imefungwa, ofisi ya wakili imefungwa. Mkataba usiposema lolote, tayari kuna ugomvi: je, mnunuzi alipaswa kulipa Ijumaa tarehe 30 Mei au Jumanne tarehe 3 Juni? Kifungu kimoja cha kusema kwamba siku isiyo ya kazi itasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata kinamaliza ubishi. Inashangaza jinsi watu wanavyoandika “siku 90” bila kufungua kalenda.

Lakini tatizo kubwa la tarehe halimo katika kalenda. Limo katika kitu kinachotakiwa kutokea siku hiyo. Wengi hudhani kukamilisha ni kulipa pesa zilizobaki. Katika shamba letu hilo haliwezekani kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hati miliki iko kwa benki ya muuzaji, haitoki mpaka deni lilipwe. Benki ya mnunuzi nayo haitoi milioni 4 mpaka shamba lisajiliwe kwa jina la mnunuzi na rehani yake mpya iandikwe juu yake. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Fundo hilo hufunguliwa na pesa za mnunuzi mwenyewe. Arubuni ya asilimia 10, ambayo ni shilingi 600,000, inalipwa wakati wa kutia saini na kushikwa na wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote mbili. Haimruhusu muuzaji kuichukua akanunulie ng'ombe. Mnunuzi amebakiwa na milioni 1.4 mkononi. Masharti yote mawili yakishatimia, na si kabla ya hapo, anatoa milioni 1.1 zilipe deni la muuzaji. Pesa hizo haziendi kwa muuzaji; zinakwenda moja kwa moja kwenye benki yake, baada ya benki hiyo kutoa ahadi ya maandishi kwamba ikilipwa itaachia hati miliki pamoja na hati ya kufuta rehani. Shilingi 300,000 zinazobaki analipa siku ya kukamilisha. Milioni 4 zinaahidiwa na wakili wa benki ya mnunuzi: anampa wakili wa muuzaji ahadi ya kitaalamu kwamba atalipa ndani ya siku 14, kwa mfano, tangu usajili ukamilike. Ahadi ya namna hiyo si adabu tu. Wakili asiyeitimiza anaweza kupelekwa mahakamani yeye mwenyewe alazimishwe kulipa, na ndiyo maana muuzaji anaweza kuzitoa hati zake kabla hajaziona pesa.

Kwa hiyo kukamilisha, katika mkataba huu, kuelezwe kwamba ni kubadilishana. Muuzaji anatoa hati miliki ya asili, hati ya kufuta rehani, hati za kuhamisha umiliki zilizotiwa saini, idhini ya bodi, ridhaa ya mke, nakala za kitambulisho na cheti cha kodi, na picha za pasipoti. Mnunuzi anatoa shilingi 300,000 na ile ahadi ya milioni 4. Ukiandika hivyo, siku ya 90 inawezekana. Ukiandika kwamba “bei yote iliyobaki italipwa siku ya 90”, umemfanya mteja wako avunje mkataba kabla wino haujakauka, kwa kuwa benki yake haitalipa siku hiyo hata afanye nini.

Tukifika kwenye kifungu cha kuvunja ahadi, tukumbuke kwamba mtu anaweza kuchelewa bila kuvunja kila kitu. Katika mauziano ya ardhi muda kwa kawaida hauhesabiwi kuwa uti wa mgongo wa mkataba, isipokuwa wahusika waseme hivyo au mmoja wao atoe notisi ya kumlazimisha mwenzake. Masharti ya mauziano ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambayo mikataba mingi huyaingiza kwa kuyataja tu, yanatoa notisi ya siku 21 ya kukamilisha. Mwanafunzi anayeandika kwamba muda ni wa lazima tangu siku ya kwanza, akidhani anaonyesha ukali, amemweka mteja wake kwenye hatari ya kupoteza shamba kwa sababu karani wa benki alikwenda likizo.

Tuseme sasa tarehe 3 Juni imefika na ahadi ya milioni 4 bado haijatolewa. Tarehe 4 muuzaji anatoa notisi. Siku 21 zinakwisha tarehe 25 Juni. Katika siku hizo za ucheleweshaji mkataba unaweza kutoza riba. Wakikubaliana asilimia 14 kwa mwaka, basi kwa deni la shilingi milioni 4.3 riba ni kama shilingi 1,649 kwa siku, na kwa siku 22 ni zaidi kidogo ya shilingi 36,000. Ni kiasi kinachouma bila kuua, na hiyo ndiyo kazi yake.

Notisi hiyo lakini ina sharti ambalo wanafunzi husahau kuliandika: anayeitoa lazima awe yeye mwenyewe yuko tayari kukamilisha. Muuzaji ambaye hana hati ya kufuta rehani, au ambaye hajatia saini hati za kuhamisha, hawezi kumwambia mwenzake amechelewa. Mtahini akisoma kifungu kinachotaja notisi bila kutaja utayari wa mtoaji, anajua kwamba mwandishi hajawahi kuwaza jinsi ugomvi wa siku 90 unavyoonekana: mara nyingi wote wawili hawako tayari, na kila mmoja anakimbilia kuwa wa kwanza kulalamika.

Siku 21 zikipita bila kitu, muuzaji anaweza kuvunja mkataba na kubaki na arubuni. Hapa asilimia 10 si nambari ya mazoea tu. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London liliamua rufaa kutoka Jamaica, ya benki iliyouza jengo kwa mnada na kudai arubuni ya asilimia 25. Mnunuzi alichelewa, benki ikataka kubaki na zote. Baraza lilisema kwamba kiasi kinachozidi kile cha kawaida, asilimia 10, kinahitaji sababu maalumu. Benki haikuwa nayo, kwa hiyo hata asilimia 10 haikuruhusiwa kubaki nazo. Iliamriwa kurudisha arubuni yote, ikiruhusiwa kukata hasara ambayo ingethibitisha. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Kenya, lakini mantiki yake inasikika katika nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza. Mwenye tamaa ya asilimia 30 anaweza kuondoka mikono mitupu.

Upande wa muuzaji akivunja ahadi, kifungu kiwe na uzito uleule. Arubuni irudishwe yote, milioni 1.1 zilizolipa deni lake zirudishwe pamoja nayo, na alipe fidia inayolingana na asilimia 10 za bei. Au mnunuzi akipenda, aende mahakamani kuomba muuzaji alazimishwe kuhamisha shamba. Hizo milioni 1.1 ndizo hatari kubwa kuliko zote, na wengi huzisahau kabisa kwa kuwa hazimo katika mikataba ya mfano. Zimekwisha kutoka kwenye amana na kuingia benki. Kama mkataba unasema tu “arubuni itarudishwa”, mnunuzi atarudishiwa 600,000 na kuanza kesi ya kudai karibu mara mbili ya pesa hizo. Afadhali mkataba useme waziwazi kwamba, mpaka pesa hizo zirudi, hati miliki iliyotoka benki itakaa kwa wakili wa mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuweka zuio kwenye rejista ya ardhi.

Katika swali letu kuna jambo dogo lililofichwa mwishoni mwa maelezo, kama watahini wapendavyo: mnunuzi anaomba aingie shambani mapema, azungushe ua na avune korosho. Si vibaya, mradi asubiri idhini ya bodi. Lakini akishaingia, mambo yanabadilika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba muuzaji akitaka kuvunja mkataba wakati mnunuzi yumo shambani, anaweza kufanya hivyo kwa njia mbili tu, kuchukua shamba kwa amani au kupata amri ya mahakama, na mahakama inaweza kumpa mnunuzi nafuu. Kwa hiyo kifungu kinachompa muuzaji haki ya kumtoa mnunuzi kwa nguvu na kuharibu ua wake siku ya 22 hakina maana hata kikitiwa saini na wote. Kiandikwe badala yake kwamba mnunuzi anaingia kama mpewa ruhusa, hajengi cha kudumu kabla ya kukamilisha, na mkataba ukikoma kwa sababu yoyote anapewa siku 30 kuondoa ua wake. Korosho alizokwisha kuvuna zikadiriwe bei mapema, kwa kilo, ili pasiwe na mtu wa kuhesabu magunia mbele ya hakimu.